Sekunde kumi tu: Hivi ndivyo vichwa vya uongo huzika tovuti za udaku

Niambie kama hii haijawahi kukupata. Uko kwa mat, bando imebaki kidogo, halafu unaona kichwa: "MSANII MAARUFU AKIMBIZWA HOSPITALINI USIKU!" Moyo unaruka. Unabonyeza, unangoja picha zifunguke, unashuka aya nne, kumbe jamaa alienda tu kumwona rafiki yake aliyejifungua. Kichwa kimekula nauli na hakijatokea. Unahepa fasta.

Kichwa hicho nilikiandika mimi. Ni kitambo kidogo, nikiandikia tovuti moja ya udaku hapa Nairobi. Siku hiyo stori ilienda mbaya, bosi akacheka hadi kwa meno ya nyuma. Hesabu ndio ilikuja kutuumbua.

Google Analytics haiangalii tu nani amebonyeza. Inahesabu kwamba umekaa kama umepitisha sekunde 10, ama umefungua ukurasa wa pili, ama umefanya kitu ambacho mwenye tovuti alikitia alama kuwa muhimu, kama kujiandikisha. Wengine wote wanaingia kwa hesabu ya waliohepa, ile inaandikwa Bounce rate. Tuseme watu 1,000 wamebonyeza na 850 wakahepa: hiyo ni 85%. Lakini usishtuke na namba peke yake. Msee aliyetaka tu kujua Gor wamefunga ngapi anaweza kusoma na kutoka kwa sekunde nane akiwa ameridhika. Linganisha stori na stori kwa tovuti yako. Kama zile za "hutaamini" ndizo zinahepwa kuliko zingine zote, shida ni kichwa, si msomaji.

Na si wewe pekee unaona hiyo kuhepa. Agosti 2014, Facebook walitangaza kwamba wataangalia muda ambao mtu anakaa akisoma baada ya kubonyeza. Ukirudi mbio, stori inashushwa. 2016 wakaongeza makali: mashine ikafunzwa kutambua vichwa vinavyoficha habari ya maana na vile vinavyotia chumvi, na ukurasa au tovuti inayozoea tabia hiyo ikaanza kushushwa na stori zake. Hapo ndio kuna noma, kwa sababu adhabu inakufuata hata siku umeandika ukweli.

Muulize Upworthy wa Marekani. Hao walikuwa wafalme wa vichwa vya "kilichofuata kitakushangaza", na mwandishi alitakiwa kuandika vichwa 25 kwa stori moja ndio wachague kinachovuta zaidi. Novemba 2013 walifikisha wasomaji karibu milioni 87. Desemba Facebook wakabadilisha mpangilio wa stori, na kufika Januari wasomaji walikuwa chini ya milioni 50. Miezi miwili tu, manze.

Sisi tulipoona Facebook imekauka, tukakimbilia Google na ujinga mwingine: kujaza maneno ya kutafutia. Aya moja ilisoma hivi, naapa: "Pakua nyimbo mpya za gengetone, nyimbo mpya za gengetone Kenya, gengetone mpya leo." Hakuna mtu huongea hivyo hata akiwa amelewa. Google wameweka mchezo huo wazi kwa orodha yao ya hila zinazokatazwa, na tovuti ikishikwa inaweza kushushwa ama kuondolewa kabisa kwa matokeo.

Ukishuku umechomeka, fungua Search Console, uende kwa Manual actions. Kama mtu wa Google amekupiga adhabu, utaikuta hapo imeandikwa na sababu yake. Unasafisha kurasa zote, si ile moja tu, halafu unaomba wakague tena. Pakiwa patupu na wasomaji bado wanaanguka, inaweza kuwa mashine yenyewe imekushusha. Hapo hakuna wa kuombwa msamaha. Unarekebisha na kungoja, na inaweza kuchukua miezi.

Tulisafisha, polepole. Kichwa cha yule msanii nikakigeuza: "Msanii amtembelea rafiki aliyejifungua, abeba nepi." Waliobonyeza walikuwa wachache, lakini walisoma hadi mwisho, na wengine wakabishana kwa komenti kuhusu bei ya nepi.

Kinachoniuma ni stori nyingine. Wiki mbili nilikuwa nimetembea Mathare nikifuata bomba la maji taka lililopasuka karibu na shule, nikaandika kila kitu vile kilivyo, na kichwa cha ukweli juu. Ilitoka wiki ile tovuti ilikuwa imezama. Waliosoma hawangejaza mat mbili. Mama mmoja wa pale, niliyemtumia linki, alinijibu na swali: "Hii ni ile tovuti yenu ya uongo ama ni ingine?"