Barua ya wazi kwa Gavana wa Maniema: Ada ya negosia ifuate gramu

Kindu

Mheshimiwa Gavana,

Kadi ya negosia hutolewa kwa saini ya ofisi yako, hudumu mwaka mmoja, na kisheria ndiyo inayompa mtu haki ya kununua dhahabu kwa mchimbaji mdogo na kuiuza kwenye kontwari. Hoja yangu ni kwamba ada inayodaiwa kabla ya gramu ya kwanza kununuliwa humsukuma mnunuzi mdogo kwenye magendo, na kwamba dawa yake ni daftari la manunuzi linalofanya malipo yafuate uzito. Tufanye hesabu kwa tarakimu za mfano tu. Tuseme kadi pamoja na gharama zake ni dola 300, na faida ya negosia ni dola 2 kwa gramu. Anayenunua gramu 10 kwa wiki hupata dola 1,040 kwa mwaka, kwa hiyo kadi humlia karibu asilimia 29 ya faida. Anayenunua gramu 200 kwa wiki hupata dola 20,800, naye kadi humgharimu chini ya asilimia 2. Huyu wa kwanza, anayezunguka machimbo ya Kama au Salamabila na pesa za mkopo, ataacha kadi, na akishaiacha hataandika chochote, kwa maana kila karatasi itakuwa ushahidi dhidi yake.

Naelewa kwa nini jimbo linang'ang'ania ada hizi. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imeweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3.5 kwa kampuni zenye hati za uchimbaji, na robo ya mrabaha huo ni ya jimbo. Dhahabu ya mchimbaji mdogo haipiti njia hiyo. Ushuru wake mkubwa hulipwa na kontwari wakati wa kusafirisha nje, na kontwari nyingi hazipo Kindu. Jimbo hubaki na kadi na tozo za njiani. Lakini kizuizi cha barabarani kinatoza mfuko kinaouona tu, na dhahabu ya mwezi mzima hutosha kwenye kiganja. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba asilimia 98 ya dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Kongo ya mwaka 2013 ilitoka nchini kwa magendo. Basi kinachoogopwa kupotea, kwa sehemu kubwa, kimekwisha kupotea.

Wapo watakaosema kwamba daftari litajazwa uongo. Ni kweli litajazwa uongo, kama litakuwa na safu moja tu ya uzito. Dhahabu inayotoka mtoni huja na mchanga mweusi, ambao sehemu yake huvutwa na sumaku, na iliyokamatwa kwa zebaki hubaki na mabaki yake mpaka ichomwe. Negosia akinunua gramu 12 za vumbi, zikiyeyushwa huenda akabaki na gramu 11.4, na kama usafi ni asilimia 92, dhahabu halisi ni karibu gramu 10.5. Mkaguzi aliyeandikiwa gramu 12 atadhani gramu moja na nusu imefichwa, na hapo ndipo rushwa huanzia. Daftari liwe na uzito kabla ya kuyeyusha, uzito baada yake, usafi, bei, jina la chimbo na namba ya kadi ya mchimbaji. Kila ukurasa utoke nakala tatu: ya muuzaji, ya negosia na ya Divisheni ya Madini. Anayedanganya atalazimika kupatanisha nakala hizo na vipimo vya kontwari, na upungufu unaozidi ule wa kawaida wa chimbo lile utaonekana.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama: orodha ya nani ana gramu ngapi ni ramani kwa majambazi. Ndiyo sababu ukurasa ubebe namba badala ya jina, na nakala ya Divisheni ipelekwe kila robo mwaka, dhahabu ikiwa imeshauzwa. Wengine watasema ada za taifa haziko mikononi mwako. Ni kweli, nami siombi uzifute. Naomba yaliyo ndani ya uwezo wa jimbo: orodha moja ya tozo zote za jimbo ibandikwe kwenye ofisi ya Divisheni na kwenye kila chimbo, tozo hizo zilipwe mahali pamoja, kwa gramu, kila robo mwaka, kufuatana na daftari, na negosia mwenye ukurasa uliopigwa mhuri asidaiwe tena njiani.

Jaribu utaratibu huu mwaka mmoja katika eneo moja, Pangi kwa mfano, kisha linganisha gramu zilizoandikwa na za mwaka uliotangulia. Zisipoongezeka, rudisha ada ya zamani.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Kindu