Stopu ya pipsi 30, nani alikuambia?

Wasee wa foreks, hiyo stopu losi ya pipsi 30 ulitoa wapi? Wengi watasema ni mwalimu wa grupu alisema. Sawa, lakini yeye hajui tredi zako. Mimi naona jibu liko kwa rekodi zako mwenyewe.

Ongeza safu mbili tu. Ya kwanza ni MAE, yaani bei ilikwenda dhidi yako hadi wapi tangu uingie. Ya pili ni MFE, ilikwenda upande wako hadi wapi. Mmarekani John Sweeney aliandika kitabu kizima juu ya MAE miaka ya 1990, so hii si kitu ya jana.

Tuseme uko na tredi 40 za EUR/USD, stopu pipsi 30, tageti 45. Ulishinda 16, ukapoteza 24. Piga hesabu: umepata 720, umepoteza 720. Umefanya kazi ya bure, na bado hujalipa spredi.

Sasa angalia MAE ya zile 16 ulizoshinda. 14 hazikuwahi kurudi nyuma zaidi ya pipsi 12. Mbili pekee zilirudi hadi 22 na 26. Maana yake, tredi yako nzuri haikutesi sana, na ikishapita 15 mara nyingi imekufa tayari. Ukiweka stopu 15, hizo mbili unazipoteza, unabaki na 14 za kushinda na 26 za kupoteza. Hiyo ni 630 toa 390: faida pipsi 240, kwa tredi zilezile.

Halafu kuna mtego. Kwa zile 24 za hasara, MFE inaonyesha 9 zilifika +20 kabla zigeuke. Uchungu! Unataka kushusha tageti iwe 20. Ngoja kwanza. Utashinda 23, ni pipsi 460, na utapoteza 17, ni 255. Inabaki 205, chini ya 240. Na hata hiyo 205 ni kama +20 ilifikiwa kabla ya -15. Safu mbili hazikuambii kipi kilitangulia, lazima urudi kwa chati ya dakika moja uangalie.

Kuongeza tageti nayo ni ngumu kidogo. Ulifunga kwa 45, so MFE yako imeishia hapo. Kujua kama bei ingefika 70, fuata chati hadi mwisho wa siku hata baada ya kutoka, na uandike.

Pia, ushindi 16 ni kidogo sana. Hiyo 15 imechaguliwa ikijua majibu tayari. Ijaribu kwa tredi 30 zinazofuata bila kuigusa, na loti ibaki ileile. Kuna wale watakata stopu nusu leo na kesho waongeze loti maradufu. Hapo kila hasara inakula pesa ileile kama zamani, na zinakuja nyingi zaidi.