Sehemu ya 4: Wiki 12 za kupungua, na sufuria nyumbani ni moja

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mnaosoma kimya kimya, tuendelee. Niliahidi ratiba ya wiki 12, basi leo ni ratiba. Ila niseme mapema kwamba yangu inapingana na zile zinazozunguka kwenye magrupu: wiki ya kwanza kalori 1,000, hatua elfu kumi, mazoezi kila siku. Kwangu mimi huo ni mpango wa wiki tatu ulioandikiwa jina la wiki kumi na mbili. Ukivuta kamba zote siku ya kwanza, mzani ukigoma wiki ya sita utavuta nini? Hakuna kilichobaki. Ndipo mtu anaanza kulala na njaa, siku ya nne anamaliza maandazi sita, halafu anajiita mvivu. Si mvivu huyo. Amepewa ratiba mbovu.

Kabla hatujafika mbali: haya hayamhusu mjamzito, wala anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita. Na wewe unayetumia dawa za kisukari au presha, ongea kwanza na kituo chako, maana ukipunguza chakula huku dozi ni ileile, sukari au presha inaweza kushuka mpaka ukaanguka.

Sasa tumchukue mama wa mfano. Nimemtunga, lakini mtamtambua. Yuko Katoro, anauza vitenge sokoni, umri miaka 34, urefu sentimita 162, uzito kilo 84. Mtoto wa mwisho alishaacha ziwa. Mume anachimba upande wa Nyarugusu. Nyumbani wanakula watu sita, sufuria moja.

Hapo kwenye sufuria ndipo penye mambo. Chakula cha nyumba ile kimepimwa kwa njaa ya mtu aliyeshinda anapasua na kubeba mawe. Mama ameshinda amekaa kwenye kigoda, lakini sahani zao zinalingana, na mafuta ni yaleyale. Kwa hiyo siwezi kumwambia apike chakula chake cha dayati pembeni. Hatapika, na hata mimi nisingepika. Inabidi tujue cha kwake ndani ya sufuria ya wote.

WIKI YA 1 NA 2 HAPUNGUZI KITU. Najua mtanuna. Anakula kama kawaida na kupima tu. Anapima uzito asubuhi, akishatoka chooni na kabla ya chai, mara tatu kwa wiki, mzani uleule juu ya sakafu ngumu, kisha anachukua wastani. Anapima kiuno kwa futi kamba, usawa wa kitovu. Simu inakaa naye mwilini kuhesabu hatua, hata kama ni kwenye pindo la khanga. Ikibaki mezani inachaji wakati anaenda bombani, hizo hatua zimepotea. Tuseme anapata wastani wa hatua 4,500 kwa siku na uzito hausogei. Kwa mwili wake na kazi yake, hesabu inaangukia karibu kalori 2,150 kwa siku. Hicho ndicho kiasi kinachomweka alipo.

Halafu kuna kipimo ambacho sijakiona kwenye zile ratiba, nacho ndicho nakipenda kuliko vyote: tarehe kwenye chupa ya mafuta. Lita moja ya mafuta ya alizeti, au mafuta yoyote yale, ina kalori zaidi ya 8,000. Nyumba yake ya watu sita inamaliza lita kwa siku tano. Gawa 8,000 kwa siku tano, gawa kwa watu sita: kila mtu anakunywa karibu kalori 270 za mafuta kila siku, bila kuyaona. Lita hiyohiyo ikikaa siku nane, zinashuka hadi kama 165. Kalori 100 zimeondoka na hakuna aliyekosa mboga.

Unga nao unapimika hivyohivyo. Kilo moja ya unga wa mahindi ina karibu kalori 3,600. Maji unayosongea hayaongezi kitu, kwa hiyo usihangaike kupima ugali, pima unga kabla haujaingia sufuriani. Kilo moja ikigawanywa sawa kwa sita, kila fungu ni kalori 600. Ninyi wa Kahama na Shinyanga mjini mnaoshinda na wali, hesabu haibadiliki, maana mchele mkavu unakaribiana sana na unga.

WIKI YA 3 HADI 6: KALORI 1,850. Anatakiwa kutoa 300. Mafuta yameshampa 100. Chai anakunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Akibaki na kijiko kimoja kila kikombe, anaokoa vijiko sita, karibu kalori 100 nyingine. Kwenye ugali wa jioni anatoa robo ya fungu lake, kalori 150. Mume ataila hiyo robo, wala hatauliza. Imetimia na imezidi kidogo.

Ila sikilizeni hapa. Robo inayotoka ni ya ugali, si ya dagaa wala maharage. Protini ndiyo inayolinda misuli wakati mwili unapungua, na mimi ningependa afike kama gramu 90 kwa siku. Gramu 30 za dagaa wakavu zinampa zaidi ya 15, yai moja linampa 6. Dagaa wa ziwa tunao hapa, hatuhitaji unga wa kopo wa elfu themanini. Na mafuta yakipungua sufuriani, mtoto wa chini ya miaka mitano arudishiwe ya kwake: kijiko cha karanga za kusaga kwenye uji au mboga yake. Mtoto anahitaji mafuta akue. Anayepungua ni mama, si nyumba.

Hatua zinapanda hadi 6,500. Hizo elfu mbili ni kama dakika 20 za kutembea, na kwa mwili wake zinachoma karibu kalori 80. Si nyingi, ndiyo maana siwezi kukudanganya kwamba kutembea kutafuta soda mbili. Mazoezi ni siku mbili tu kwa wiki, miondoko minne: kuchuchumaa umebeba dumu, kuinama na kuvuta dumu hadi ubavuni, pushapu za ukutani au mezani, na kuinua dumu juu ya kichwa. Kila mmoja seti mbili kwa siku, yaani seti nne kwa wiki. Marudio yawe kati ya 8 na 15, na yale mawili ya mwisho yawe magumu kweli. Ukifika 15 unacheka, ongeza maji. Lita moja ni kilo moja, gym yako hiyo.

WIKI YA 7 HADI 10: KALORI 1,750, HATUA 8,000, MAZOEZI SIKU TATU. Hapa ndipo kazi nyingi inafanyika. Seti zinapanda polepole: wiki ya saba mbili kila mwondoko, kuanzia ya nane tatu, zinafika tisa kwa wiki. Tofauti na awamu iliyopita ni kalori 100 tu, haifiki hata robo nyingine ya ugali. Na kama kwenye 1,850 bado unapungua vizuri, baki hapohapo! Usipunguze kwa sababu kalenda imesema.

Uzito ukisimama usikimbilie sahani. Subiri wiki mbili. Karibu na hedhi mwili unashika maji, kilo moja au mbili zinaweza kujificha humo, kwa hiyo linganisha wiki hiyo na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Kiuno kikipungua huku mzani umesimama, mambo yanaenda. Vyote viwili vikisimama wiki mbili, angalia hatua kwanza kabla ya chakula. Mtu mwenye njaa hupunguza kutembea bila kujijua, anamtuma mtoto dukani, anapanda bodaboda ya karibu. Mara nyingi 8,000 ilishageuka 5,500. Pia angalia siku dhahabu ilipotoka nyumbani: nyama choma, chipsi, soda ya chupa yenye karibu kalori 140. Siku hiyo kuleni, ni furaha yenu, lakini iandikwe.

WIKI YA 11 NA 12: KALORI 1,650, HATUA ZIBAKI 8,000, SETI ZISHUKE. Wengi wanafanya kinyume, wanaongeza mazoezi wamalizie kwa kishindo. Chakula kimepungua, mwili umechoka, unapona taratibu. Rudi siku mbili, seti tatu kila mwondoko, jumla sita kwa wiki. Lakini dumu libaki na maji yaleyale. Uzito wa dumu ndio unaoambia misuli ibaki, wingi wa seti unaweza kusubiri. Ukishindwa marudio uliyoyaweza wiki iliyopita, mara mbili mfululizo, au usingizi umeharibika, au hedhi imeruka, rudi 1,850 na umalizie hapo. Na yeye chini ya 1,500 asiende kabisa, maana hicho ni karibu kiasi ambacho mwili wake unatumia akiwa amelala tu.

Atapungua kilo ngapi? Nne, labda tano. Nasikia mnavyoguna, maana mmezoea kuahidiwa kumi na tano. Lakini kwa mtu wa kilo 84 hiyo ni karibu asilimia 5 ya mwili, na kuanzia hapo ndipo presha na sukari huanza kuonyesha tofauti kwenye vipimo. Ukiona anayetangaza kumi na tano kwa wiki 12 kwa mama wa namna hii, muulize misuli na maji ni kilo ngapi humo.

Wiki ya 13 aongeze kalori 150, wiki inayofuata 150 nyingine, mpaka uzito usimame. Hatua asiziguse.

La mwisho, na hili linatuhusu sisi wa ukanda wa migodi kuliko mtu wa Dar. Vumbi la mwamba linaharibu mapafu ya mchimbaji, na mapafu hayo kifua kikuu kinayapenda. Mchimbaji analala nyumbani, na nyumbani kuna wewe na watoto. Kifua kikuu nacho kinapunguza uzito. Kwa hiyo ukiona unashuka zaidi ya kilo moja kwa wiki, ukaongeza chakula na bado unashuka, au una kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, usishangilie ratiba. Nenda ukapime. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure. Nenda na mume, na kama kuna mtoto ambaye haongezeki kwenye kadi yake ya kliniki, mbebe naye.

Sehemu ya 5 tutapiga hesabu ya mama lishe anayeonja chakula kuanzia alfajiri. Wakati mnasubiri, chupa ya mafuta mtakayofungua wiki hii muiandike tarehe.