Bei si siri, ibandike juu ya komenti

Wewe unayeuza viatu vya mtumba Instagram, hebu acha hii tabia ya "bei njoo inboksi". Umeweka karuseli ya picha kumi safi kabisa, halafu chini watu thelathini wanauliza bei, saizi na uko wapi. Ukijibu watano ukachoka, wengine wanahamia kwa jirani.

Dawa unayo tayari. Instagram inakuruhusu kubandika komenti tatu juu ya zingine zote, hata zako mwenyewe. Andika komenti, ibonyeze kwa muda (kwenye aifoni itelezeshe kushoto), kisha gusa alama ya pini. Basi.

Lakini usirundike kila kitu kwenye komenti moja. Ikiwa ndefu, inakatwa na msomaji anaona mistari ya mwanzo tu. Mimi naona zigawe hivi. Ya kwanza ibebe yasiyobadilika: "Namba 1 hadi 6 ni sh1,500, 7 hadi 10 ni sh2,000. Saizi iko kwenye kila picha. Nairobi natuma kwa boda, nje ya mji kwa matatu, nauli ni yako." Ya pili ibebe yanayobadilika: "Zilizouzwa: 2, 4 na 9." Kikienda kiatu kingine, futa hiyo ya pili, andika mpya na uibandike. Ukiwa umechanganya yote pamoja, kufuta komenti kunaondoka na majibu yote yaliyokuwa chini yake.

Ya tatu iwe ya pesa. Matapeli hufungua akaunti yenye jina karibu sawa na lako, wakawajibu wateja wako kwenye komenti na kuwapa nambari yao. Andika jina linalotokea kwenye M-Pesa mteja akilipa, na useme wazi kuwa jibu la akaunti nyingine si lako.

Sasa majibu. Mtu akiuliza "Hii nyeusi iko na 42?" mjibu papo hapo chini ya swali lake, na jibu liwe kamili: "Namba 7, ile nyeusi, ni 41 pekee." Ukisema "hapana" tu, anayesoma baadaye hajui ulimaanisha kiatu gani. Kumbuka pia majibu hujificha mpaka mtu ayafungue, kwa hivyo swali likirudi mara ya tatu, lipandishe kwenye komenti ya juu.

Na kama bado wanauliza bei ilhali umeibandika? Usiwakasirikie. Wengi huswaipu picha bila kufungua komenti. Picha ya mwisho ya karuseli ijayo iandike: "Bei na zilizobaki ziko juu kwenye komenti." Wakiendelea tu, weka bei kwenye picha yenyewe. Kwani unamficha nani?