Kigari cha mtoto na msongamano wa asubuhi Dar es Salaam

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo mpaka liwafike wenyewe, nalo ni kumvusha mtoto mchanga pamoja na kigari chake kutoka upande mmoja wa jiji la Dar es Salaam hadi mwingine, saa ambazo wafanyakazi wote wapo njiani.

Mimi ni bibi, mkazi wa Manyamanyama, Bunda. Huku kwetu mtoto hubebwa kwa mbeleko, na safari ikiwa ndefu tunapanda bodaboda au bajaji. Lakini mwishoni mwa mwaka 2022 ilinibidi nimpeleke mjukuu wangu wa miezi kumi kwa mama yake Gongo la Mboto, na kabla ya hapo nipite mjini kumwonyesha kwa daktari. Mjomba wake, mkaaji wa ng'ambo, alikuwa amemletea kigari cha kusukuma, kile cha magurudumu manne. Nikaambiwa nisikiache, maana mtoto amekuwa mzito. Kweli alikuwa mzito, lakini kigari nacho kilikuwa na uzito wake.

Nililala kwa ndugu Mbezi, na saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kituoni natafuta daladala ya kwenda Kimara. Zilinipita tatu. Ya nne konda akaniambia, "Bibi, wewe panda, hilo gari lako litafuata kesho." Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini sikupanda. Ya tano ilinichukua kwa masharti kwamba kigari nikilipie nauli ya mtu mzima.

Nilikasirika siku ile. Baadaye nimefikiri, na sasa naona konda yule hakuwa na ubaya wa moyo. Daladala nyingi huendeshwa kwa hesabu. Dereva na konda hukabidhi kwa tajiri mwenye gari kiasi kilichopangwa kila jioni, mafuta wananunua wao, na kinachobaki ndicho mshahara wao. Kisipobaki kitu, wamefanya kazi bure. Mwezi Mei mwaka huo nauli ya safari isiyozidi kilometa kumi ilikuwa imepandishwa kutoka shilingi 400 hadi 500. Kigari kilichokunjuliwa huchukua nafasi ya watu wawili waliosimama, yaani, kwa nauli ya wakati ule, shilingi 1,000 kwa safari moja. Akizipata safari nane za namna hiyo kwa siku, amepoteza shilingi 8,000, na hizo haziondoki katika fungu la tajiri, zinaondoka katika chakula chake yeye. Kumhubiria konda wa namna hiyo juu ya utu ni kupoteza muda, kwa sababu asubuhi kila futi ya sakafu yake ina bei.

Basi dawa yake ni kutompa sababu. Kigari kikunjwe kabla gari halijafika, si baada ya kusimama. Mimi nilikosea hapo. Nilingoja gari lisimame, ndipo nikaanza kumtoa mtoto na kutafuta kitufe cha kukunjia, huku watu wakinipita mbavuni. Mtoto afungwe mbeleko kwanza, kigari kikunjwe, kisha ungoje ukiwa tayari kama askari. Kigari kilichokunjwa kinaingia chini ya kiti au nyuma ya dereva, na konda hana la kusema. Ndiyo maana anayenunua kigari cha kutumia Dar es Salaam ni afadhali achague kile chepesi kinachokunjwa kama mwavuli, kwa mkono mmoja, aache kile kikubwa kizuri cha kutembezea mtoto uwanjani.

Na mbeleko penye msongamano iletwe mbele. Hili litawashangaza akina mama wenzangu wa Mara, maana sisi tumezoea mgongoni. Lakini ndani ya daladala iliyojaa humwoni mtoto aliye mgongoni. Kiwiko cha mtu kinampata, chuma cha mlango kinampata, nawe husikii ila kilio. Akiwa kifuani unamkinga kwa mikono. Ila angalia uso wake usizame katika nguo: kidevu kisibanwe kifuani pake mwenyewe, na pua uione kila wakati.

Kimara nikapanda mwendokasi. Wasomaji wa umri wangu waliokaa Dar es Salaam watakumbuka mabasi ya UDA, yale marefu aina ya Ikarus, na baadaye daladala zilizoruhusiwa rasmi mwaka 1983 zikapata jina lao kwa ile nauli ya shilingi tano. Katika hayo yote mtu alipanda ngazi. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria mwezi Mei 2016 katika barabara ya Morogoro, yaliondoa ngazi: jukwaa la kituo limeinuliwa likalingana na sakafu ya basi. Kwa mwenye kigari au kiti cha magurudumu, hakuna jambo kubwa zaidi ya hilo lililofanywa katika usafiri wa jiji lile.

Lakini usawa huo una sharti moja: dereva asimamishe basi sambamba na jukwaa, tena karibu nalo. Akiwa na haraka huliacha limekaa upande, mlango wa mbele karibu na wa nyuma mbali, na katikati hubaki pengo. Mtu mwenye miguu yake huliruka bila kufikiri. Magurudumu ya mbele ya kigari ni madogo, tena yanazunguka, na yakifika kwenye pengo hugeuka upande na kutumbukia. Yangu yalitumbukia. Nyuma yangu walikuwepo watu wasiopungua thelathini wanaosukuma, mlango karibu kufungwa, na mtoto ndani ya kigari. Kijana mmoja aliyevaa sare ya shule ndiye aliyekinyanyua kwa mbele, tukaingia.

Nilipokuwa nashuka nilijua la kufanya, nami nawapa wengine. Tazama pengo kabla ya kusogea. Likizidi nusu ya kimo cha gurudumu dogo, usisukume. Omba mtu ashike mbele mnyanyue wawili. Likiwa dogo, kandamiza mpini ili magurudumu ya mbele yainuke juu, uyavushe hewani, kisha ya nyuma yafuate. Na wakati jukwaa limefurika hivyo, salama zaidi ni mtoto awe kifuani na kigari kiwe mkononi kimekunjwa, hata kama sakafu ni sawa. Usawa wa sakafu unamfaa mwenye nafasi ya kusukuma.

Kosa langu la tatu naona haya kulisema. Nilikuwa nimetundika kwenye mpini mfuko wa dagaa na unga wa mtama, zawadi za kutoka nyumbani, kama kilo sita. Mtoto alipokuwa amekaa, uzito wake ulisawazisha mambo. Nilipomtoa ili nimpe uji, kigari kikaanguka chali, na dagaa wa Ziwa Viktoria wakatapakaa ndani ya basi. Harufu yake nilisamehewa na wachache. Fikiri sasa kama ningekuwa nimemrudisha mtoto nusu nusu, au dereva angefunga breki ghafla. Mzigo ukae chini ya kiti cha mtoto au begani pako, usikae kwenye mpini, na kigari ndani ya basi kifungwe breki zake huku umekishika.

Kuhusu saa, mgeni hulijua jambo hili akiwa amekwisha chelewa. Asubuhi watu wote wanaelekea Kariakoo na Kivukoni. Jioni wote wanarudi Kimara na Mbezi. Anayekwenda kinyume cha mkondo huo hupata nafasi. Asiyeweza, apandie mwanzo wa njia. Pale Kimara ukikosa basi hili utakuwa wa mbele kwa lijalo, lakini Manzese au Magomeni basi hufika limekwisha jaa, na linalofuata vivyo hivyo. Wenyeji wa Dar es Salaam wana desturi ya kugeuza na gari, yaani kupanda kuelekea mwisho wa njia ili urudi nalo ukiwa umekaa. Unalipa nauli mbili. Mwenye mtoto mchanga asizionee uchungu.

Jioni nilichukua treni ya mjini kutoka Stesheni kuelekea Pugu. Huduma hii ya treni ilianza mwezi Oktoba 2012, ikaitwa na watu treni ya Mwakyembe kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule. Uzuri wake ni kwamba haingoji foleni ya magari. Ubaya wake kwangu ulikuwa ngazi. Mabehewa ya reli ile ya zamani yapo juu, ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima, na treni haikai sana kituoni. Mtu mmoja hawezi kupanda na mtoto na kigari kwa mara moja. Atamtanguliza nani? Akikipandisha kigari kwanza, mtoto yupo chini na watu; akimpandisha mtoto kwanza, amemwacha ndani ya treni inayoweza kuondoka. Jibu ni kwamba mtoto asitengane na mwili wako hata dakika moja, na kigari ndicho apewe mtu mwingine. Kikipotea, kimepotea kigari.

Tangu mwezi Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na majukwaa yake yameinuliwa kufikia mlango wa behewa. Kwa hiyo ujuzi wa kujenga jukwaa la namna hiyo tunao hapa hapa nchini. Sidai vituo vyote vya reli ya zamani vivunjwe vijengwe upya. Naomba kitu cha bei ya fundi seremala: kigoda imara cha ngazi mbili kwenye kila kituo cha treni ya mjini, kiwekwe mlangoni treni inaposimama na kuondolewa inapoanza.

Kwa wenye mwendokasi ombi langu ni madereva wapimwe kwa namna wanavyosimama kwenye jukwaa, kama wanavyopimwa kwa muda. Pengo linaonekana kwa macho na linapimika kwa rula. Na kwa LATRA, kwa kuwa ndio wanaopanga nauli za daladala, watamke wazi kama kigari kilichokunjwa cha mtoto aliyebebwa kinalipiwa au hakilipiwi, na tangazo hilo libandikwe ndani ya gari. Konda akiuliza, abiria aoneshe kidole.

Mimi nilirudi Bunda peke yangu baada ya wiki mbili. Kigari nilikiacha Gongo la Mboto, na binti yangu ananiambia anakitumia kumtembezea mtoto uani. Kwenda mjini hutumia mbeleko.

Bibi wa Mjukuu,
Manyamanyama, Bunda,
Mara.