Birere: Salamu ya pili isiwe ya kwanza iliyorudiwa

Katika vichochoro vya Birere, mtu akitoka nyumbani kwenda Bariere Ndogo kuvuka kwenda Gisenyi, anaweza kuonana na jirani mmoja mara tatu kabla ya saa sita. Asubuhi wanakutana kwenye bomba la maji. Saa moja baadaye wanapishana mbele ya butike ya vitenge. Kisha wanaonana tena kwenye foleni ya mpakani. Mara ya kwanza hakuna anayejiuliza la kufanya. Shida inaanza mara ya pili: je, amsalimie tena, au apite kwa sababu wamekwisha salimiana?

Watu wamegawanyika. Wengine wanasema salamu moja kwa siku inatosha, na anayesalimia kila dakika ama amesahau, ama anatafuta franka za kukopa. Wengine wanaona kwamba kumpita mtu kimya, hata kama mliongea naye saa moja iliyopita, ni kiburi. Kila upande una neno la kweli, lakini wote wanachanganya vitu viwili ambavyo salamu hubeba pamoja: kumwona mtu, na kumuuliza habari.

Habari huulizwa mara moja. Mtu akisema "Jambo mama, uliamuka muzuri? Watoto wanaendelea?", anauliza, na mwenzake anajibu: usiku ulikuwaje, mtoto mwenye homa amelala au la, mvua imeingia nyumbani au haikuingia. Majibu hayo hayabadiliki ndani ya saa moja. Anayeuliza tena yaleyale anaonyesha kwamba mara ya kwanza hakusikia kitu, alikuwa anatoa maneno tu. Ndiyo maana salamu ndefu inayorudiwa inachosha, na wakati mwingine inaumiza. Mama aliyesema asubuhi kwamba mtoto wake hakulala hapendi kuulizwa saa tatu, kwa sauti ileile ya furaha, kama watoto wameamka salama.

Kumwona mtu ni jambo lingine. Hilo linahitajika kila mara macho yanapokutana, maana kila mara mtu anaweza kuonwa au kupuuzwa upya. Salamu ya pili ni ya hilo tu.

Waislamu wana fundisho linalolingana na vichochoro vya Birere kwa namna ya kushangaza. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira na kuwekwa katika mkusanyiko wa Abu Dawud, Mtume anafundisha kwamba anayekutana na ndugu yake amsalimie, na kama mti, ukuta au jiwe vikiwatenga kisha wakaonana tena, amsalimie tena. Kipimo hapo si saa. Kipimo ni kutengana: mliachana, hamkuonana, sasa mnaonana. Katika katiye ambako nyumba za mbao zimebanana na kuta za mawe ya lava zinakata njia kila hatua chache, kutengana kwa namna hiyo hutokea mara nyingi kwa siku. Na salamu yenyewe ya Waislamu haiulizi habari, inamtakia mtu amani. Kwa hiyo inaweza kurudiwa bila kumchosha anayeipokea.

Lugha za hapa zinaonyesha tofauti hiyohiyo. Kwa Kinyarwanda, kinachosikika kila kona ya Birere, "mwaramutse" ni ya asubuhi na "mwiriwe" ni ya mchana na jioni. "Muraho" ni ya mtu ambaye hamjaonana kwa muda. Ukimwambia "muraho" jirani uliyempita saa moja kabla, atacheka au atauliza kama ulisafiri. Wanaosema Kifaransa wamejitengenezea "rebonjuru", neno linalokiri kwamba salamu ya kwanza ilikwisha tolewa. Na "jambo" la Goma limekuwa jepesi kuliko la pwani. Kule mtu huuliza "hujambo?" na hujibiwa "sijambo", ni swali kamili. Hapa "jambo" hujibiwa "jambo", na kila mmoja anaendelea na njia yake. Neno hilo halidai habari, ndiyo maana linavumilia kurudiwa.

Erving Goffman, mtaalamu wa mambo ya jamii aliyezaliwa Kanada, aliandika katika kitabu cha mwaka 1971 kwamba watu wanaokutana mara nyingi mahali pamoja hupunguza salamu yao kila wanapoonana tena: ya kwanza ni kamili, inayofuata ni fupi, mwisho inabaki dalili ya uso tu. Hilo linaonekana Birere bila kitabu. Lakini kupunguza si kufuta, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Chukua mfano wa kijana wa chukudu anayebeba magunia kutoka depo hadi karibu na mpaka, na fundi wa nguo mwenye umri wa baba yake anayekaa na mashine yake pembeni mwa njia. Kijana anapita hapo mara tano au sita kwa siku. Saa moja asubuhi anasimamisha chukudu: "Jambo papa. Muliamuka muzuri? Kazi inaendelea?" Fundi anaacha mguu kwenye pedali, anajibu, anauliza habari za mama yake. Hiyo ni salamu kamili, inachukua labda nusu dakika, na haitarudiwa asubuhi hiyo.

Saa mbili anapita tena, magunia yamejaa, njia inateremka. Hawezi kusimama na hapaswi kusimama. Anasema "Papa, kuraje!" na kuinua mkono mmoja kidogo. Fundi anainua kichwa bila kuacha mshono. Mara ya tatu kijana anatikisa kichwa tu, na fundi anatikisa chake. Mara ya nne hata kuinua nyusi kunatosha. Hakuna aliyesimamisha kazi ya mwenzake, na hakuna aliyepitwa kama nguzo.

Sasa weka deni katikati. Kijana alishonewa suruali kwa franka 5 000, na walikubaliana kwamba atalipa Jumamosi. Jumatano anamsalimia fundi asubuhi kama kawaida. Saa mbili anapita nyuma ya lori, macho chini, kwa sababu magunia ni mazito na anaogopa kuanguka. Hakuwa na nia mbaya. Lakini fundi ameona chukudu, ameona kofia, na hakusikia neno. Kufikia mchana amemwambia jirani wa butike kwamba kijana ameanza kukwepa. Kufikia jioni mwenye butike naye anakataa kumpa kijana sabuni kwa deni. Siku ya kulipa haijafika, hakuna pesa iliyopotea, lakini jina limeharibika.

Hii ndiyo sababu neno dogo la saa mbili lina uzito Birere. Biashara nyingi hapa hazina karatasi. Mtu anachukua bidhaa asubuhi na kulipa jioni, mwingine anaacha mzigo kwa jirani na kuvuka mpaka. Anayetoa mali hana cha kushika isipokuwa uso wa mwenzake, na anausoma kila anapouona. Salamu ya asubuhi inasema "tuko sawa". Kimya cha saa moja baadaye kinaweza kusomwa kama "kuna kitu kimebadilika". Mtu mwenye deni, au aliyegombana na mwenzake jana, ndiye anayehitaji salamu ya pili kuliko wengine wote.

Kuifanya nyepesi kuna njia zake. Kwanza, isiwe swali. "Kuraje", "pole na kazi", "tuko pamoja", "ni weye tena" ni maneno yasiyodai jibu refu. Pili, anayetembea amtangulie aliyekaa, kwa sababu yeye ndiye anayeamua kama atapita au atasimama, na aliyekaa ana kazi mikononi. Tatu, miguu isisimame. Anayesimama anatangaza kwamba ana la kusema, na mwenzake atalingoja. Nne, mkono hauhitajiki. Julai 2019, Ebola ilipofika Goma, watu walijifunza kusalimiana bila kushikana mikono, na heshima haikupungua. Kwa salamu ya pili, kiganja kilichoinuliwa kinatosha.

Kwa mkubwa, ufupi unataka jina la heshima. "Kuraje" peke yake kwa mzee ni kama kumtupia kitu. "Papa, kuraje" au "Mama, pole na kazi" ni fupi vilevile, lakini inamweka mahali pake. Kutikisa kichwa tu kunafaa kwa watu wa rika moja. Kwa mzee, afadhali neno moja liambatane nako, angalau hadi yeye mwenyewe aanze kuitikia kwa kichwa.

Mtu anaweza kutambua kama amekosea kipimo. Ikiwa muuzaji anaweka chini kikopo cha kupimia, anajipanguza mikono na kuanza kujibu kwa marefu, salamu ilikuwa nzito mno. Akiuliza "Kuna nini?" ni hivyohivyo. Kwa upande mwingine, akisema "Unanipita sasa?" hata kwa kucheka, ilikuwa nyepesi mno au haikuonekana. Dawa si maelezo marefu. Dawa ni kumsalimia vizuri mara inayofuata, yeye akiwa anaangalia.

Kuna wakati wa kunyamaza. Kambisti anayehesabu noti asikatizwe, kwa maana akipoteza hesabu ataanza upya, na mteja wake ataanza kutia shaka. Mtu anayeongea kwa simu, au anayebishana na askari, ashikwe kwa macho tu. Na kuna wakati salamu kamili inarudi hata kabla ya saa kuisha: ikiwa katikati kumetokea habari. Birere nyumba za mbao huungua, na moto mmoja unaweza kula nyumba kadhaa. Ukisikia kwamba moto ulikuwa upande wa jirani uliyemsalimia saa moja iliyopita, "kuraje" ya mbio ni tusi. Hapo swali limezaliwa upya, na lazima usimame uulize.

Wanaosema salamu moja inatosha wana haki kuhusu maswali. Hakuna anayepaswa kuwaamkia watoto wa jirani mara tano kwa siku. Lakini jirani mwenyewe haonwi mara moja kwa siku tu. Yupo kila anapoonekana, na kumjulisha kwamba umemwona hakuchukui hata muda wa kuvuka mfereji.