Tanzania: Mizinga yaongezeka penye alizeti, lakini nyuki ni wangapi?

Mwaka 2021 serikali ya Tanzania iliitaja mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu kuwa ya kimkakati katika kilimo cha alizeti, kwa lengo la kupunguza mafuta ya kula yanayoagizwa kutoka nje. Tangu hapo mjadala umeegemea mbegu bora, ruzuku na bei ya viwandani. Jambo moja limebaki pembeni, ingawa ndilo huamua kama kichwa kilichonawiri shambani kitatoa punje zenye kiini au mapepe matupu: idadi ya makundi ya nyuki yanayoyafikia maua kwa wakati wake.

Kichwa kimoja cha alizeti si ua moja, bali ni mkusanyiko wa maua madogo mamia kadhaa, na katika vichwa vikubwa hupita elfu moja. Maua hayo hufunguka kwa duara, kuanzia ukingoni kuelekea katikati, kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi hivi. Kila ua dogo huanza kwa kutoa chavua. Sehemu yake ya kike huwa tayari baadaye, kwa kawaida siku inayofuata. Chavua ya alizeti ni nzito na hunata, kwa hiyo upepo hausaidii sana. Lazima mdudu aibebe, na kwa aina za zamani kama ile iitwayo Rekodi, ni vyema itoke kwenye mmea mwingine, kwa kuwa mimea mingi ya aina hizo huikataa chavua yake yenyewe. Mbegu chotara za kisasa hujichavusha vizuri zaidi, lakini nazo mara nyingi huongeza mavuno zikitembelewa na nyuki.

Hasara yake huonekana sokoni kabla haijaonekana shambani. Gunia la alizeti yenye mapepe hujaa kama gunia jingine lolote, lakini likiwekwa kwenye mizani huwa jepesi, na kinu hupata mafuta kidogo. Mkulima aliyenunua mbegu ghali huilaumu mbegu.

Si kila pepe, hata hivyo, ni kosa la nyuki. Punje tupu zikijikusanya katikati ya kichwa pekee, mara nyingi sababu ni ukame wa mwisho wa msimu au upungufu wa rutuba, kwa kuwa maua ya katikati ndiyo ya mwisho kulishwa. Zikitawanyika kote, zikichanganyika na punje zilizojaa, hapo ndipo pa kushuku uchavushaji.

Miongozo mingi ya kilimo hutaja makundi mawili hadi manne ya nyuki kwa hekta ya alizeti. Katika mashamba ya lozi ya Kalifonia, ambako miti haizai bila nyuki, kipimo kilichozoeleka ni takribani matano kwa hekta, na makundi hayo husafirishwa kwa malori kutoka majimbo ya mbali. Takwimu hizi zinaponakiliwa Afrika ya Mashariki hupotea jambo muhimu: zinahesabu makundi, na tena makundi yenye nguvu, wala si masanduku.

Mzinga uliotundikwa mtini huenda usiwe na nyuki hata mmoja. Huku wafugaji wengi hawanunui makundi. Hutundika mzinga wa gogo au wa sanduku, huupaka nta ndani, kisha husubiri kundi linalohama liingie. Mingine hukaliwa baada ya siku chache, mingine hukaa mitupu msimu mzima. Kwa hiyo ripoti kwamba kijiji kimepewa mizinga hamsini haisemi lolote kuhusu alizeti ya kijiji hicho mpaka mtu asimame mbele ya kila mlango, asubuhi yenye jua, na kuona nyuki wakiingia na chavua miguuni.

Nguvu ya kundi nayo ina hesabu yake. Kundi dogo huwabakiza nyuki wengi nyumbani kulea majana na kulinda joto la masega. Wanaobaki kwa kazi ya nje ni wachache. Ndiyo maana kundi moja lenye nyuki 30,000 hutuma shambani wengi zaidi kuliko makundi mawili yenye 15,000 kila moja. Mfugaji anayerina asali muda mfupi kabla ya alizeti kuchanua, akakata na masega ya majana, anaweza kulidhoofisha kundi au kulifukuza kabisa wakati linapohitajika.

Ulaya na Marekani mizinga huletwa shambani maua yanapoanza tu kufunguka, ili nyuki wasizoee kwanza maua mengine ya jirani. Tanzania njia hiyo ni ngumu. Nyuki wa huku ni wakali na wepesi wa kuhama wakisumbuliwa, na masega ya ndani ya gogo hukatika barabarani. Alizeti ya kanda ya kati hupandwa kati ya Desemba na Januari na kuchanua karibu na Machi, kwa hiyo mizinga inapaswa kutundikwa miezi kadhaa kabla, kivulini, karibu na maji, mbali na njia za watu na mifugo. Mbegu inayogawiwa Desemba pamoja na mizinga mipya imeshachelewa kwa upande wa nyuki.

Je, mkulima atajuaje kama makundi aliyonayo yanatosha? Jaribio lake halihitaji maabara. Huchaguliwa vichwa thelathini vinavyolingana kabla havijafunguka. Kumi hufunikwa kwa neti nyepesi, kumi huachwa wazi, na kumi vingine huachwa wazi lakini kila baada ya siku moja hupakwa chavua ya mimea mingine kwa kitambaa laini hadi maua yaishe. Wakati wa mavuno punje zilizojaa huhesabiwa. Tuseme katika kila maua 1,000, vilivyofunikwa vimetoa punje 450, vya wazi 750, na vilivyopakwa kwa mkono 770. Nyuki na wadudu wengine wameongeza 300, na kuongeza makundi kungeleta punje 20 tu. Fedha ya mizinga mipya ingefaa kwenda kwenye mbolea. Lakini vilivyopakwa vikifika 920, shamba lina upungufu wa kweli, na makundi zaidi yatalipa.

Matokeo ya aina ya kwanza hayashangazi. Ua dogo likishapata chavua ya kutosha, ziara ya kumi ya nyuki haizai punje ya pili. Tena utafiti uliofanywa katika mashamba ya alizeti ya Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wadudu wa aina mbalimbali, wanaoishi katika pori la jirani na magugu yenye maua, huwafanya nyuki wa asali kuhamahama zaidi kutoka kichwa hadi kichwa. Kinyume chake ni kufyeka kila kichaka ili kupanua shamba, halafu kutafuta mizinga ya kufidia.

Linabaki suala la nani alipe. Nyuki hutafuta chakula hata umbali wa kilomita mbili au tatu, ilhali mashamba mengi ya Singida ni ya ekari chache yanayopakana. Anayefuga makundi manne huchavushia majirani kumi bila malipo, na mmoja wao akinyunyizia dawa ya wadudu saa nne asubuhi, maua yakiwa wazi, huwaua nyuki wa wote. Kunyunyizia jioni, nyuki wakisharudi, hakugharimu chochote, lakini ni makubaliano ya kijiji kizima, na makubaliano hayo hayagawiwi pamoja na mbegu.